Nyumba, Gari na Mshahara: Ukurasa Mmoja wa Mtahiniwa wa Kodi

Katika daftari la mtahiniwa wa uhasibu anayejiandaa na mtihani wa kodi, ukurasa unaochakaa mapema mara nyingi ni ule wa fomati. Hauna maelezo marefu. Kushoto yamepangwa majina, kulia zimeachwa nafasi tupu za tarakimu: mshahara, posho, gari, nyumba, toa mchango wa pensheni, piga kodi, toa iliyokwisha kukatwa. Anayeutazama juu juu atadhani ni orodha ya kukariri tu. Kumbe ni sheria ya Bunge iliyopangwa upya kwa mkono wa mwanafunzi, na mpangilio wa mistari hiyo ndio unaoamua kama jibu litatoka sawa au litapinda.

Tanzania, mitihani hiyo husimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Hufanyika Mei na Novemba kila mwaka, na kodi ni miongoni mwa masomo yanayowatoa watu jasho. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inagawa mapato katika mafungu matatu, ajira, biashara na uwekezaji, na kila fungu lina hesabu yake. Hapa tutafuata fungu la ajira. Linamgusa kila mwenye mshahara, na ndani yake mna mstari mmoja, ule wa nyumba, ambao huwaponza hata wanaojiamini.

Tuchukue swali la mazoezi, la kutungwa lakini la sura ile ile inayokuja kwenye chumba cha mtihani. Meneja wa mauzo wa kampuni binafsi jijini Dar es Salaam amefanya kazi mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 2,400,000 kwa mwezi. Kila mwezi hupewa posho ya usafiri ya 200,000, haombwi risiti. Kampuni imemrudishia 1,800,000 alizotumia katika safari za kikazi za Mwanza na Mbeya, baada ya kuwasilisha stakabadhi zote. Imemlipia bima ya afya ya 1,500,000 yeye, mwenzi wake na watoto watatu, kwa mpango ule ule unaowahusu wafanyakazi wote.

Bado hatujamaliza. Kampuni imempa gari la saizi ya injini 1,800, lenye umri wa miaka mitatu, na mafuta na matengenezo yake inayaingiza kwenye gharama za kampuni. Inamlipia pia nyumba. Kodi ya pango kwa bei ya soko ni 9,600,000 kwa mwaka, ila kampuni imepatana na mwenye nyumba na kulipa 7,200,000, kiasi ambacho imekidai kama gharama katika hesabu zake za kodi. Mwisho, kila mwezi meneja anakatwa 260,000 za NSSF na 360,000 za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kodi aliyokatwa mwaka mzima ni 6,360,000. Swali linauliza: anadaiwa kodi kiasi gani, na je, iliyokatwa ilitosha?

Mtahiniwa asiye na fomati huanza kujumlisha kutoka juu kwenda chini, kwa utaratibu ambao swali limeandikwa. Huo ndio mtego wa kwanza. Mtunga swali hupanga taarifa kwa kuzichanganya makusudi, na mwenye fomati hazifuati zilivyopangwa. Anasoma swali lote, kisha anarudi kuchukua kila kitu na kukipeleka mahali pake.

Mstari wa kwanza kabisa wa fomati nzuri hauna tarakimu. Ni swali: huyu ni nani? Kwanza, je, ni mkazi kwa macho ya sheria ya kodi? Mtu mwenye makazi ya kudumu Tanzania na aliyekuwapo nchini sehemu yoyote ya mwaka ni mkazi. Aliyekaa siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkazi. Na hata aliyekaa chini ya hapo anaweza kuwa mkazi, iwapo wastani wa siku zake kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia unazidi 122. Asiye mkazi hutozwa asilimia 15 bila kupita kwenye ngazi za viwango, kwa hiyo kumkosea hapa ni kukosea kila kinachofuata. Meneja wetu ameishi na kufanya kazi nchini mwaka mzima, hivyo ni mkazi.

Pili, anafanya kazi kwa nani? Kampuni binafsi au Serikali? Swali hili linaonekana dogo, lakini tutaona baadaye kwamba linaweza kufuta mamilioni kwenye karatasi. Wenye uzoefu huliandika kwa wino mwekundu juu ya ukurasa.

Kisha yanakuja malipo ya fedha taslimu. Mshahara wa miezi 12 ni 28,800,000. Posho ya usafiri ni 2,400,000. Posho hii inaingia kwenye mapato kwa sababu meneja anaipata apende asipende kusafiri, na hatoi hesabu ya matumizi yake. Zile 1,800,000 za Mwanza na Mbeya hazimo. Sheria inaacha nje posho ambayo ni marejesho tu ya fedha ambayo mfanyakazi ameitumia yote kwa ajili ya kazi. Tofauti ya malipo haya mawili haiko kwenye jina. Swali linaweza kuyaita yote "posho ya safari", na mtahiniwa akayatenganisha kwa kuuliza jambo moja: je, baada ya safari mfanyakazi amebaki na kitu mfukoni?

Bima ya afya nayo inaachwa nje, lakini kwa masharti. Lazima huduma hiyo ipatikane kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi, na imhusu mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne. Meneja wetu ana watoto watatu na bima ni ya wote kazini. Lau ingekuwa bima ya mameneja peke yao, 1,500,000 zingeingia kwenye mapato na kodi yake ingepanda kwa 450,000. Ndiyo maana mtahiniwa makini haandiki kwenye daftari "bima ya afya: haihesabiwi". Anaandika "bima ya afya: ni ya wote? watoto wangapi?"

Jumla ya fedha taslimu, basi, ni 31,200,000.

Sasa tunaingia kwenye manufaa yasiyo ya fedha, na hapa mpangilio unaanza kuwa na uzito. Gari linatangulia nyumba. Sababu yake tutaiona punde, kwanza tulimalize gari lenyewe. Sheria haimtaki mhasibu akadirie lita za mafuta wala mwendo wa kilomita. Inatoa jedwali linalotazama mambo mawili tu, ukubwa wa injini na umri wa gari. Gari la injini inayozidi 1,000 lakini haipiti 2,000, lenye umri wa chini ya miaka mitano, linahesabiwa kuwa manufaa ya 500,000 kwa mwaka. Likishapita miaka mitano, kiasi hicho kinashuka nusu, kuwa 250,000. Gari kubwa kuliko yote kwenye jedwali, la injini inayozidi 3,000, ni 1,500,000 likiwa jipya na 750,000 likiwa kuukuu.

Hizo ni tarakimu za mwaka. Watahiniwa waliozoea kuzidisha kila kitu kwa 12 huziharibu hapa, na gari dogo la meneja hugeuka kuwa manufaa ya milioni sita. Kosa la pili ni kusahau kwamba mwajiri asiyedai gharama za gari katika hesabu zake za kodi, manufaa ya gari hilo hayaingizwi kwa mfanyakazi. Sheria inatazama pande mbili za sarafu ile ile: gharama ikimpunguzia mwajiri kodi, basi manufaa yanamhusu mfanyakazi. Kampuni yetu inadai mafuta na matengenezo, kwa hiyo 500,000 zinaingia. Jumla sasa ni 31,700,000.

Tumefika kwenye nyumba.

Sheria inataka namba tatu zilinganishwe. Ya kwanza ni kodi ya pango kwa bei ya soko. Ya pili ni asilimia 15 ya jumla ya mapato ya mfanyakazi kwa mwaka, nyumba yenyewe ikiwa haijahesabiwa. Ya tatu ni gharama ambayo mwajiri ameidai kuhusu nyumba hiyo. Ulinganisho unafanyika kwa hatua mbili. Kwanza zinashindanishwa ya pili na ya tatu, na inachukuliwa iliyo kubwa. Halafu hiyo iliyoshinda inashindanishwa na bei ya soko, na safari hii inachukuliwa iliyo ndogo.

Sasa sababu ya gari kutangulia inaonekana. Asilimia 15 haiwezi kupigwa mpaka mapato mengine yote yawe yamejulikana, na gari ni sehemu ya mapato hayo. Mtahiniwa anayeandika nyumba mstari wa pili, mara tu baada ya mshahara, atapiga asilimia 15 ya mshahara peke yake. Na yule anayeingiza kwanza kodi ya pango kwenye jumla ndipo apige asilimia 15, anakuwa ameihesabu nyumba ili kuipima nyumba. Maneno ya sheria kwamba nyumba yenyewe isihesabiwe yamewekwa kuzuia mzunguko huo. Fomati iliyopangwa sawasawa inayatii maneno hayo bila mtu kuyakumbuka: nyumba inakaa mwisho wa manufaa yote, basi.

Kwa meneja wetu, asilimia 15 ya 31,700,000 ni 4,755,000. Gharama iliyodaiwa na kampuni ni 7,200,000. Kubwa kati ya hizo mbili ni 7,200,000. Bei ya soko ni 9,600,000. Ndogo kati ya 7,200,000 na 9,600,000 ni 7,200,000. Hiyo ndiyo inayoingia.

Msomaji makini anaweza kuuliza kama asilimia 15 ipigwe kabla au baada ya kutoa mchango wa pensheni, kwa kuwa sheria inapoeleza "jumla ya mapato" inautaja pia mchango huo. Kwa mfano huu haibadilishi kitu. Baada ya kutoa mchango, asilimia 15 ingekuwa 4,287,000, ambayo nayo inashindwa na 7,200,000. Palipo na uwezekano wa jibu kubadilika, mtahiniwa hana budi kuonyesha wazi kwenye hesabu za pembeni ametumia kianzio kipi, ili msahihishaji aone njia aliyopita.

Inafaa kujua pia kwa nini sheria imejifunga kwa namba tatu badala ya moja. Bei ya soko peke yake ingemwonea mfanyakazi anayepangiwa jumba kubwa asilolihitaji, mahali ambapo mwajiri ana nyumba zake. Gharama ya mwajiri peke yake ingekuwa karibu sifuri pale nyumba ni mali ya kampuni na imeshalipiwa miaka mingi. Asilimia 15 inaweka sakafu, ili nyumba ya kampuni isionekane kuwa ya bure. Bei ya soko inaweka dari, ili mfanyakazi asitozwe kwa zaidi ya thamani ya anachokaa. Mtahiniwa akishaelewa sakafu na dari hizo, hachanganyi tena lini achukue kubwa na lini achukue ndogo.

Mapato ghafi ya ajira sasa yamekamilika: 38,900,000.

Hatua inayofuata ni kutoa, na hapa wengi huvutwa na hati ya mshahara. Hati ya mshahara ya Tanzania ina safu ndefu ya makato: NSSF au PSSSF, Bodi ya Mikopo, chama cha wafanyakazi, SACCOS, mkopo wa benki. Yote yanapunguza fedha inayofika mkononi, na macho huyaona kama ndugu wa familia moja. Lakini kwa sheria ya kodi, mchango wa lazima wa mfuko wa pensheni unatolewa kabla ya kodi, ilhali deni la Bodi ya Mikopo linalipwa kutoka kwenye fedha iliyokwisha kutozwa kodi. Kulipa deni la ada ya chuo si kupunguza mapato, ni kuyatumia.

Meneja anakatwa 260,000 za NSSF kwa mwezi, yaani asilimia 10 ya malipo yake ya fedha taslimu, ambazo kwa mwaka ni 3,120,000. Hizo zinatolewa. Zile 360,000 za Bodi ya Mikopo, ambazo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama sheria ya bodi hiyo inavyotaka, zimewekwa kwenye swali kama chambo. Kwa mwaka ni 4,320,000. Anayezitoa kabla ya kodi atapunguza kodi ya meneja kwa 1,296,000 ambazo sheria haikumsamehe.

Chambo cha tatu, ambacho hakimo kwenye swali letu lakini hupenda kujitokeza, ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayojulikana kwa kifupi SDL. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, na humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Inalipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake. Haina mstari kwenye ukurasa wa mfanyakazi.

Baada ya kutoa NSSF, mapato yanayotozwa kodi ni 35,780,000. Sasa ndipo viwango vinaingia. Kwa Tanzania Bara, viwango vilivyoanza Julai 2021 vinaacha shilingi 270,000 za kwanza za kila mwezi bila kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na chochote kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Kodi ya milioni moja ya kwanza ya mwezi ni 128,000. Swali letu ni la mwaka, kwa hiyo ngazi zote zinazidishwa kwa 12: milioni 12 za kwanza zinabeba kodi ya 1,536,000, na kinachobaki juu yake kinatozwa asilimia 30.

Kwenye karatasi ya majibu, hesabu nzima inasomeka hivi:

- Mshahara wa msingi: 28,800,000
- Posho ya usafiri: 2,400,000
- Manufaa ya gari: 500,000
- Manufaa ya nyumba (hesabu ya pembeni): 7,200,000
- Mapato ghafi ya ajira: 38,900,000
- Toa mchango wa NSSF: 3,120,000
- Mapato yanayotozwa kodi: 35,780,000
- Kodi ya 12,000,000 za kwanza: 1,536,000
- Kodi ya 23,780,000 kwa asilimia 30: 7,134,000
- Jumla ya kodi: 8,670,000
- Toa kodi iliyokatwa: 6,360,000
- Pungufu: 2,310,000

Mistari miwili ya mwisho ina kosa lake mahususi. Kodi iliyokwisha kukatwa inatolewa kwenye kodi, kamwe haitolewi kwenye mapato. Anayeipandisha juu na kuiweka karibu na NSSF, kwa kuwa zote mbili zimeandikwa "makato" kwenye hati ya mshahara, anaipa thamani ya asilimia 30 tu ya uzito wake. Fomati inazuia hilo kwa kupiga mstari mzito kati ya sehemu mbili: juu yake ni mapato, chini yake ni kodi, na hakuna kitu kinachovuka.

Jibu likishapatikana, kuna njia mbili za kulipima kabla ya kufungua swali linalofuata. Ya kwanza ni ya haraka. Kwa yeyote ambaye mapato yake ya mwaka yanazidi milioni 12, kodi ni asilimia 30 ya mapato yote yanayotozwa, ukitoa 2,064,000. Tarakimu hiyo ni tofauti kati ya asilimia 30 ya milioni 12 na kodi halisi ya milioni hizo. Asilimia 30 ya 35,780,000 ni 10,734,000, toa 2,064,000, unabaki na 8,670,000. Imekubali.

Njia ya pili inaeleza hata upungufu ulikotoka. Gari na nyumba kwa pamoja ni 7,700,000. Asilimia 30 yake ni 2,310,000, sawasawa na pungufu tuliyoipata. Maana yake, mwajiri alikata kodi ya fedha taslimu peke yake, 530,000 kila mwezi, akayasahau manufaa yote mawili. Pungufu isingelingana na chochote, mtahiniwa angejua kuna mstari umeteleza mahali fulani. Hapa imelingana, na zaidi ya hapo imempa sentensi ya kuandika chini ya hesabu pale swali linapotaka maoni: mwajiri hakuhesabu manufaa ya gari na nyumba. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukata kodi hiyo na kuifikisha kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na asipokata, wajibu wa kuilipa haumtoki.

Turudi sasa kwenye lile swali la wino mwekundu. Chukua meneja huyu huyu, mpe mshahara ule ule, gari na nyumba ile ile, lakini mwajiri wake awe Serikali. Manufaa ya nyumba yanatoka, kwa kuwa sheria inayaacha nje kwa mtumishi wa Serikali au wa taasisi inayoendeshwa kwa bajeti yake. Posho ya usafiri nayo inatoka, sambamba na posho za nyumba, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu zinazolipwa kwa watumishi hao. Gari linatoka pia, kwa vile Serikali haina gharama inayodai dhidi ya kodi. Shilingi 10,100,000 zinafutika kwenye mapato kwa jibu la swali moja lililoandikwa juu ya ukurasa, na anayelipita bila kuliuliza atafanya hesabu safi kabisa ya mtu asiyehusika.

Hapo ndipo fomati za watahiniwa wawili zinapotofautiana. Mmoja ameinakili kutoka kwa mwenzake ikiwa na majina ya mistari na tarakimu za mfano. Ataiweza swali likifanana na mfano. Mwingine ameandika kando ya kila mstari swali linaloufungua: posho, je, kuna risiti? Gari, je, mwajiri anadai gharama? Umri wake? Nyumba, ni ya nani, na gharama gani imedaiwa? Makato, je, ni ya pensheni au ya deni? Huyu wa pili anaweza kupewa taarifa zilizogeuzwa kichwa chini na bado akajua kila moja inakwenda wapi. Tena daftari lake halichakai viwango vinapobadilika, kwa sababu maswali yanabaki yale yale hata Bunge likigusa tarakimu.

Na tarakimu huguswa. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai, ilhali mwaka wa mapato wa mtu binafsi unaanza Januari na kuishia Desemba. Mwaka 2021, kwa mfano, kiwango cha chini kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8 katikati ya mwaka. Malipo ya Januari hadi Juni yalikatwa kwa kiwango cha zamani, ya Julai hadi Desemba kwa kipya. Tofauti haikuzidi shilingi 2,500 kwa mwezi, lakini mtahiniwa aliyetumia jedwali moja kwa mwaka mzima hakupata jibu la sheria. Ndiyo sababu jedwali la viwango linapaswa kuandikwa kwa penseli kwenye ukurasa wake wa peke yake, likiwa na tarehe lilipoanza kutumika.

Hata asiyewahi kuukaribia mtihani wa NBAA anaweza kuutumia ukurasa huu leo. Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita. Jumlisha mshahara na posho zisizo na risiti, toa mchango wa pensheni peke yake, piga kodi kwa ngazi za mwezi, kisha linganisha na PAYE iliyoandikwa pale. Ukipata zaidi ya milioni moja, tumia njia ya mkato: asilimia 30 ya kiasi chote, toa 172,000. Na kama uko kampuni binafsi, unakaa nyumba ya mwajiri au unaendesha gari lake, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye hati hiyo, muulize mhasibu wa kazini kwenu mapema, kabla mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato hajamuuliza yeye.